Nilisema saa nane, mteja akaja saa nne: niseme nini kwenye ujumbe wa sauti wa kupanga kikao?

FundiKalamu
Wakuu, habari zenu. Nachora ramani za nyumba. Mteja wangu ni mzee wa heshima pamoja na mkewe, na kuandika kwenye simu hawapendi, kila kitu kwetu ni voisi. Wiki hii nilimwomba tukutane na mhandisi tupitie michoro kabla ya kuchimba msingi. Mimi na mhandisi tumekaa ofisini tunamsubiri saa nane mchana. Kumbe mzee alikuja saa nne asubuhi, akakuta mlango umefungwa, akakaa kwenye gari karibu saa nzima, akaondoka. Simu yangu ilikuwa haipatikani kwa sababu nilikuwa kwenye eneo la ujenzi.

Nimeisikiliza tena sauti niliyomtumia. Ina dakika 1 na sekunde 52. Sehemu yenyewe ya kikao nimeinukuu hapa neno kwa neno:

"...kwa hiyo Mzee nikaona si vibaya tukikaa na mhandisi, maana zile nguzo za nyuma ana mawazo nazo, basi kama utakuwa na nafasi Jumatano tarehe kumi na nne saa nane hivi tukutane pale ofisini, saa moja tu inatosha, halafu utaniambia..."

Naye alijibu kwa neno moja: "Sawa." Nikaamini tumeelewana. Sasa lazima nimwombe kikao kingine, na sitaki kumpotezea muda mara ya pili. Mngekuwa ninyi mngesema nini, kwa maneno gani hasa?

Katibu_wa_Kikundi
Mkuu, kikao lazima kitanguliwe na taarifa ya maandishi yenye ajenda, na akidi iwe imejulikana. Kwetu taarifa isipotoka siku 14 kabla, kikao ni batili. Sauti haiwezi kuwa taarifa halali. Andika barua, weka ajenda namba 1 mpaka ya mwisho, mambo yatanyooka.

FundiKalamu
Asante ndugu Katibu, ila hiki si kikao cha kikundi. Ni watu wanne kwenye meza moja yenye ramani. Nikimwandikia mzee barua ya ajenda atadhani nimemshtaki.

Dijiti24
Tatizo ni saa zetu za Kiswahili, tusizunguke. Mtu anasema saa nane, mwenzake simu yake inaonyesha 14:00, mwingine anafikiria 8:00, fujo tupu. Dawa ni kutumia saa 24 kama wanavyofanya wanajeshi na marubani. Sema "saa kumi na nne kamili" umemaliza. Mimi kazini nimewazoesha wote na hatujawahi kugombana.

Mhazili_Mstaafu
Mwanangu FundiKalamu, pole. Nimekuwa mhazili kwa miaka 27, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupokea saa kwa simu na kuziandika kwenye shajara ya bosi. Naomba nikuulize kitu kimoja kabla sijasema: je, mzee aliisikiliza sauti yako akiwa wapi?

Na wewe Dijiti24, kwenye maandishi uko sawa kabisa. 14:00 haina mkanganyiko. Lakini hapa tunaongelea sikio. Tamka "saa kumi na nne" halafu msikilizaji akose mwanzo wake, kinachobaki sikioni ni "nne". Akose mwisho wake, kinachobaki ni "saa kumi", na hiyo kwa wengi wetu ni jioni. Kwa hiyo njia yako ingemleta mzee saa nne ileile, au ingemleta saa kumi.

FundiKalamu
Mama, nimempigia mkewe kumuuliza. Anasema mzee aliisikiliza akitembea barabarani, simu mkononi, na huwa anaziharakisha sauti zangu mara mbili kwa sababu ni ndefu. Hilo la kuharakisha sikulijua.

Mhazili_Mstaafu
Basi sasa nakuonyesha kilichotokea, maana hakuna uzembe wa mzee hapo.

Tamka polepole "saa nne" na "saa nane". Yote mawili yanaishia na "ne". Yote yana silabi mbili baada ya "saa". Kinachoyatenganisha ni "a" moja tu, na "a" hiyo imekaa nyuma ya neno "saa" ambalo lenyewe linamalizika kwa "a". Gari likipita, au sauti ikiharakishwa, ile "a" inamezwa na "a" ya "saa". Katika shajara zangu makosa ya nne na nane ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote. Yanayofuata yalikuwa tatu na tano.

Lakini si hilo tu. Hesabu namba ulizomtajia kwa pumzi moja: Juma*tano*, kumi na *nne*, saa *nane*, saa *moja*. Namba nne mfululizo, na "nne" yenyewe umeitamka wewe kwa kinywa chako, kwenye tarehe, mara tu kabla ya saa. Mzee hakuizua. Aliisikia kweli, ila akaipachika pasipo pake.

Hii ni tabia ya lugha yetu ambayo hatuioni kwa sababu tumezaliwa nayo. Siku tano kati ya saba zina namba ndani ya jina: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi na Ijumaa tu ndizo hazikuletei namba ya kugongana na saa. Ukisema "Jumanne saa nane" umeshaweka mtego. "Jumatatu saa tano" ni mtego mwingine.

Nyota_ya_Mbali
Hii ya siku kuwa na namba sikuwahi kuiwaza, na nimeongea Kiswahili maisha yangu yote.

Naomba niongeze la kwangu. Naishi mbali, saa za huku na za nyumbani zinapishana. Ndugu yangu ananitumia sauti saa tano usiku kwake: "kesho asubuhi tuongee." Mimi naisikia nikiamka, kwangu ile kesho yake imeshakuwa leo. Tumekosana mara tatu hivyo. Siku hizi namwambia asiniambie kesho wala keshokutwa, anitajie jina la siku. Na aseme "kwa saa za kwangu" au "kwa saa za kwako", maneno manne tu yanatosha.

Mhazili_Mstaafu
Hata kwa watu wa mtaa mmoja "kesho" haifai kwenye ujumbe wa sauti. Simu ya kupigiana mnaongea wakati mmoja, lakini sauti inasikilizwa muda wowote mwenye simu atakapopenda. "Leo", "kesho", "wiki ijayo", "baadaye kidogo", yote yanahesabiwa kuanzia pale msikilizaji alipobonyeza, na wewe hukujua atabonyeza lini.

Sikio_Moja
Mimi sikio langu la kushoto halisikii, la kulia linasikia kwa kubahatisha. Watu wananitumia sauti za dakika tatu halafu saa ya kukutana iko katikati. Nairudia mara nne, tano, na nikichoka najibu "sawa" ili wasinione mzigo. Ninawaomba nyote, si FundiKalamu peke yake: mkishatuma sauti, andikeni mstari mmoja chini yake wenye siku na saa. Sekunde kumi za kazi yenu ni nusu saa ya mahangaiko yangu.

Na mzee wako aliyejibu "Sawa", usishangae kama naye alifanya kama mimi.

FundiKalamu
Sikio_Moja, nimekuelewa, na nimeona aibu kidogo kwa sababu mama yangu mzazi naye hasikii vizuri na sijawahi kufanya hivyo. Mstari wa maandishi nitaweka.

Mama Mhazili, hebu nisaidie kuiandika upya. Mhandisi ana nafasi Jumanne tarehe 20 kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, au Alhamisi tarehe 22 asubuhi, saa tatu mpaka saa sita. Kazi yenyewe haizidi dakika 40.

Mhazili_Mstaafu
Tuanze na kuchagua saa, maana saa nyingine zinasikika na nyingine hazisikiki, na ukiwa na uhuru wa kuchagua utumie uhuru huo.

Jumanne usimwambie saa nane. Jumanne ina "nne" ndani, na nane tayari imeshakuumiza. Mwambie saa tisa. "Tisa" haifanani na nne wala nane. Ukiongeza "alasiri" umeifunga pande zote.

Alhamisi epuka saa tatu na saa tano, kwa sababu zote mbili ni asubuhi. Neno "asubuhi" linaokoa nne na nane, maana nane haiwezi kuwa ya asubuhi, lakini haliokoi tatu na tano. Mtu aliyesikia "saa ta... asubuhi" atakisia tu. Chukua saa nne asubuhi. Na lile "asubuhi" lisikike, usiliache likaisha kama pumzi.

Sasa urefu wa kikao. Ulisema "saa moja tu inatosha". Kwenye Kiswahili "saa moja" ni muda wa dakika sitini, na pia ni saa ya kwenye ukuta. Umempa saa mbili tofauti ndani ya sentensi moja. Urefu utaje kwa dakika siku zote: "dakika arobaini".

Na "hivi" uliyoiweka baada ya saa nane, iondoe. "Saa nane hivi" inamwambia mtu kwamba hata saa tisa kasoro si mbaya.

Dijiti24
Sawa nakubali kwenye sauti. Ila mama, vipi kuhusu kasorobo? Mimi nikisema "saa tatu kasorobo" watu wengine wanakuja saa tatu na robo, wengine saa tatu kamili.

Mhazili_Mstaafu
Kasorobo kwenye sauti siitumii. Kosa lake ni kwamba inakuja mwishoni, baada ya msikilizaji kushashika "saa tatu". Nikilazimika nasema "saa mbili na dakika arobaini na tano". Ni ndefu, lakini inakwenda mbele kama saa yenyewe inavyokwenda.

Nyota_ya_Mbali
Hapo sikubaliani, mama, samahani. "Saa mbili na dakika arobaini na tano" ina namba tatu, na umetufundisha hapo juu kwamba namba zikirundikana zinagongana. Kasorobo ni neno moja, haina namba ya kugongana. Wazee wangu wote wanaielewa.

Mhazili_Mstaafu
Una hoja, mwanangu. Nimekaa nikaifikiria. Labda jibu ni kutopanga kikao kwa robo kabisa pale inapowezekana. Saa kamili, au "na nusu". Pasipowezekana, kila mtu na uzoefu wake, mimi nitabaki na wangu.

FundiKalamu, jaribu hii:

"Shikamoo Mzee. Ni mimi mchora ramani wako. Naomba tukutane pamoja na mhandisi, Jumanne ya tarehe ishirini. Iwe saa tisa alasiri. Tisa alasiri, ofisini kwangu, dakika arobaini tu. Kama Jumanne ni ngumu, basi Alhamisi saa nne asubuhi. Naomba unijibu ni siku ipi na saa ngapi, kabla ya Jumapili jioni, nimjulishe mhandisi."

Ni maneno 50. Ukiyasema kwa mwendo wa kawaida, na kupumzika kidogo kabla na baada ya saa, hayazidi nusu dakika. Angalia nilivyoitenga tarehe na saa: baada ya "ishirini" kuna kituo, halafu sentensi mpya inaanza na "Iwe". Hilo "iwe" ni ukuta kati ya namba mbili. Na "tisa alasiri" imerudiwa, ndiyo saa pekee iliyorudiwa, ili sikio lijue ipi ni muhimu.

Mwalimu_Kijana
Samahani kuingilia. Mbona hajaomba msamaha wa kilichotokea Jumatano? Mtu mzima kakaa kwenye gari karibu saa nzima halafu sauti inayofuata inaanza na "naomba tukutane"? Mimi ningeona nimedharauliwa.

FundiKalamu
Nilimpigia simu jioni ileile nikamwomba radhi, na nikaenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Ila swali lako ni zuri. Kama nisingekuwa nimefanya hivyo, ningeiweka wapi samahani?

Mhazili_Mstaafu
Sauti yake pekee. Tuma ya samahani kwanza, ipumzike, na ya kikao itume baadaye. Samahani ikikaa pamoja na saa, moyo wa msikilizaji unabaki kwenye samahani na saa inampita. Tena samahani inastahili muda wake, haifai kuwa utangulizi wa ombi.

Dijiti24
Swali jingine. Kwa nini umpe siku mbili? Mimi naona ukimpa mtu machaguo anaahirisha kuamua. Moja tu, akikataa ndiyo unatoa nyingine.

Mhazili_Mstaafu
Kwa watu wa rika lako, ile moja inaweza kutosha. Kwa mzee huyu nina sababu nyingine kabisa.

Tatizo la Jumatano halikuwa kusikia vibaya peke yake. Mtu yeyote anaweza kusikia vibaya. Tatizo ni kwamba jibu lilikuwa "sawa", na "sawa" haina saa ndani yake. Mhazili anayejua kazi hakubali "sawa", anarudia: "Nimeandika Jumatano, saa nane mchana, ndiyo?" Lakini kijana hawezi kumwambia mzee wake "hebu rudia nilichosema nione kama umeelewa". Ni utovu wa adabu. Ukimpa siku mbili achague, atalazimika kuitaja aliyoichagua ili akujibu, na akiitaja utasikia kama alisikia sawasawa, bila wewe kumpima.

Sharti ni kwamba machaguo yasifanane. "Jumanne saa nne au Alhamisi saa nane" ni kumwonea. Na yasizidi mawili. Msikilizaji hana karatasi, likija la tatu la kwanza linadondoka. Na kabla hujatuma, hakikisha mhandisi amezishikilia siku zote mbili mpaka mzee ajibu. Nimeona watu wanatoa siku mbili, msikilizaji anachagua ya pili, wanamwambia "aa, hiyo imeshachukuliwa". Hapo ndipo heshima inapokwenda.

Sikio_Moja
Mama, na mtu akijibu "sawa" hata baada ya kupewa siku mbili? Mimi nimewahi kufanya hivyo, nikijua kabisa sijasikia.

Mhazili_Mstaafu
Basi unajua hakusikia, na umejua mapema. Hiyo ndiyo faida. Umpigie simu.

FundiKalamu
Wakuu, mrejesho. Nimejirekodi mara tatu. Ya kwanza niliongea haraka, nilipoisikiliza kabla ya kutuma nikasikia "tisalasiri" kama neno moja. Ya pili gari lilipiga honi pale pale kwenye "Alhamisi". Ya tatu nimefunga dirisha, ikatoka sekunde 31. Kisha nikafanya jambo ambalo limenisaidia kuliko yote: nimeiharakisha mara mbili kama anavyofanya mzee, nikaisikiliza nikitembea nje. Siku na saa zote mbili zimesikika.

Chini yake nimeandika:

Jumanne 20, saa 9 alasiri
AU Alhamisi 22, saa 4 asubuhi

Dijiti24
Hapo kwenye maandishi ningeongeza 15:00 na 10:00. Mkewe au mtoto wake akiweka kikumbusho kwenye simu, simu haijui saa 9 alasiri. Ataandika 9:00 na italia asubuhi.

FundiKalamu
Hilo kweli. Nimeituma upya ikiwa na zote mbili.

Mwalimu_Kijana
Amejibu?

FundiKalamu
Amejibu mkewe, usiku huu. Sauti ya sekunde 9: "Mwanangu, Jumanne tuna safari ya hospitali. Tutakuja Alhamisi, saa nne, ile ya asubuhi, siyo ile nyingine." Nimempigia mhandisi, nimemwambia aiachie Jumanne.

Nyota_ya_Mbali
"Siyo ile nyingine." Mama wa watu amemaliza kila kitu. Ila mimi na Mama Mhazili la kasorobo bado hatujalimaliza.

Mhazili_Mstaafu
Hatujalimaliza, mwanangu. Nitakutumia sauti mbili, moja ina kasorobo na nyingine haina. Zisikilize barabarani uniambie uliandika saa ngapi.